UVIMBE WA MGUU USIOUMA BAADA YA KUCHOMWA NA MWIBA: FAHAMU UGONJWA WA MAISETOMA

Wakazi wengi wa maeneo kame ya kaunti huchomwa na miiba ya mgunga na mathenge karibu kila wiki. Mwiba hutolewa, damu kidogo inapanguswa, na kazi inaendelea. Mara nyingi mambo huishia hapo. Lakini kwa baadhi ya watu, miezi au hata miaka baadaye, kinundu kigumu hutokea mahali palepale, kikakua polepole bila kuuma. Baadaye ngozi hutoboka vijitundu vinavyotoa usaha wenye punje ndogo kama mbegu. Huo ni ugonjwa wa maisetoma, ambao vitabu vya zamani huuita mguu wa Madura, kwa jina la eneo la Madurai kusini mwa India ambako madaktari waliueleza katika karne ya 19.

Shirika la Afya Duniani liliuingiza rasmi katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mwaka wa 2016. Nchi inayojulikana zaidi kwa ugonjwa huu ni Sudan, na hapa Kenya wagonjwa wameripotiwa katika maeneo makavu, ikiwemo Turkana. Makala haya yanaeleza jinsi ugonjwa unavyoanza, jinsi ya kuutambua, na sababu ya mtu anayekuja akiwa amechelewa kutibiwa kwa shida kubwa kuliko aliyekuja na kinundu kidogo.

Mwiba hupanda kitu chini ya ngozi

Viini vya maisetoma huishi katika udongo na juu ya miiba na vijiti vikavu. Mwiba unapopenya ngozi ya mguu, hubeba viini hivyo na kuviacha ndani ya nyama, mahali ambapo kuosha kwa maji hakufiki. Ndiyo maana nyayo na vidole vya miguu ndivyo vinavyopatwa zaidi. Mkono pia unaweza kupatwa kwa mtu anayebeba kuni au kujenga boma la miiba, na mgongo kwa anayebeba mizigo ya kuni begani.

Wanaougua zaidi ni vijana na watu wazima wa umri wa kufanya kazi: wachungaji, wakulima, wakata kuni na wachoma makaa. Ugonjwa hauambukizwi kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine. Anayeugua anaweza kulala nyumba moja na wenzake, kula nao sahani moja na kusalimiana nao kwa mkono bila kumdhuru yeyote. Hakuna sababu ya kumtenga, na wala si laana wala kazi ya mtu mbaya.

Viini vyenyewe ni vya aina mbili zilizo tofauti kabisa. Aina ya kwanza ni kuvu, jamaa wa ukungu unaoota kwenye mahindi yaliyolowa. Aina ya pili ni bakteria. Kwa macho, miguu ya wagonjwa wa aina zote mbili hufanana: uvimbe, vijitundu, usaha na punje. Lakini dawa inayoponya aina moja haifanyi kitu kwa nyingine, na hilo ndilo jambo la kwanza ambalo daktari lazima alijue.

Dalili tatu zinazoenda pamoja

Maisetoma hutambuliwa kwa mambo matatu yakikutana. La kwanza ni uvimbe mgumu usiouma, unaokua kwa miezi au miaka. La pili ni vijitundu kwenye ngozi ya uvimbe huo, ambavyo hutoa usaha, hufunga kwa muda, kisha vingine hufunguka pembeni. La tatu ni punje ndani ya usaha.

Punje hizo ndizo ugonjwa wenyewe. Kila moja ni kijiji kidogo cha viini vilivyoshikana, kwa kawaida isiyozidi ukubwa wa kichwa cha pini. Zipanguse kwenye kitambaa cheupe safi au shashi, kisha uangalie rangi. Punje nyeusi karibu daima ni za kuvu. Punje nyekundu ni za bakteria. Punje nyeupe au za manjano zinaweza kuwa za aina yoyote kati ya hizo mbili, kwa hivyo rangi peke yake haitoshi na maabara ndiyo itakayoamua.

Watu huchanganya maisetoma na magonjwa mengine. Jipu huuma, huwa la moto, na huiva kwa siku chache. Matende huvimbisha mguu mzima, lakini hayatoi punje. Kidonda cha mgonjwa wa kisukari pia kinaweza kukosa maumivu, ila huwa ni kidonda kilicho wazi na si kinundu kigumu chenye vijitundu vingi. Kifua kikuu cha mfupa kinaweza kutoa usaha kwa miezi, nacho hakina punje. Ukiwa na shaka, usijiamulie nyumbani. Afisa wa kliniki ataangalia.

Kutouma ndiko kunakochelewesha

Mtu hukimbilia zahanati kwa sababu ya maumivu. Jino linapouma usiku, asubuhi mgonjwa yuko kwenye foleni. Maisetoma haina kengele hiyo. Mchungaji anaweza kutembea kilomita nyingi kwa siku akifuata mbuzi huku uvimbe ukiendelea kukua chini ya ngozi. Kano na mishipa ya fahamu huachwa bila kuguswa kwa muda mrefu, ndiyo maana vidole huendelea kukunjika na unyayo huendelea kuhisi mchanga.

Maumivu yanapokuja, mara nyingi huwa na maana mbili. Ama bakteria wengine wa kawaida wameingia kupitia vijitundu na kusababisha maambukizi mapya, ama ugonjwa umefika kwenye mfupa. Kwa hiyo mgonjwa anayesema, “Nilisubiri mpaka uanze kuuma,” amesubiri hadi hatua ambayo matibabu huwa magumu.

Kuna kuchelewa kwingine kunakotokana na tiba za nyumbani. Kuchanja uvimbe kwa wembe, kuuchoma kwa chuma cha moto, au kuufunika kwa majivu na mitishamba hakufikii punje zilizo ndani. Kila kidonda kipya hufungua njia kwa bakteria wengine. Makovu nayo humfanya daktari ashindwe kuona mpaka wa uvimbe anapopanga upasuaji.

Mfano: mguu mmoja, hatua mbili tofauti

Ili jambo hili lieleweke, tuchukue mfano wa kijana wa miaka 22 anayechunga mbuzi. Si mgonjwa mahususi. Ni njia ambayo wagonjwa wengi hupitia. Alichomwa na mwiba wa mgunga chini ya kidole gumba. Mwaka mmoja baadaye ana kinundu cha ukubwa wa harage kwenye unyayo, kinachosogea kidogo kikisukumwa na kidole. Hakiumi.

Tuseme kijana huyu anakwenda kituo cha afya wakati huo. Afisa wa kliniki anamwuliza kuhusu mwiba, anashuku maisetoma na kumtuma hospitali ya rufaa. Huko anapigwa eksirei, na mifupa inaonekana mizima. Ultrasaundi inaonyesha uvimbe mmoja wenye punje ndani yake na mpaka unaoonekana vizuri. Kipande kidogo cha nyama kinachukuliwa kutoka ndani na kupelekwa maabara. Usaha wa juu hautoshi, kwa kuwa umejaa bakteria wa ngozi wasiohusika. Maabara hukata kipande hicho vipande vyembamba na kukitazama kwa hadubini. Kuotesha kuvu kunaweza kuchukua wiki kadhaa.

Jibu linasema ni kuvu wa punje nyeusi. Anaanzishiwa dawa ya itrakonazoli, miligramu 200 asubuhi na 200 jioni, pamoja na chakula. Kwa vidonge vya miligramu 100, hiyo ni vidonge vinne kila siku. Baada ya miezi sita hivi, atakuwa amemeza takriban vidonge 720. Kazi ya dawa katika miezi hiyo si kuua kila punje. Kazi yake ni kuufanya uvimbe upungue na ujifunge ndani ya ganda gumu la nyama, ili daktari mpasuaji aweze kuutoa wote pamoja na ganda lake, kama mtu anavyoitoa kokwa ya embe bila kuivunja. Baada ya upasuaji, dawa huendelea kwa miezi sita mingine au zaidi. Mguu unabaki, kijana anarudi kazini, na anaendelea kuangaliwa hospitalini.

Sasa tuseme kijana huyohuyo hakwenda. Miaka mitano imepita. Unyayo wote umevimba hadi kifundo cha mguu, una vijitundu kumi na viwili, na viatu havimwingii. Eksirei inaonyesha mashimo ndani ya mifupa ya unyayo na ya kisigino. Dawa ni ileile na vipimo ni vilevile, lakini sasa hakuna ganda moja la kutoa. Punje zimesambaa katikati ya kano na ndani ya mfupa. Mpasuaji akikata sehemu inayoonekana, punje zilizobaki zitaota tena, na mwaka mmoja baadaye uvimbe utarudi karibu na kovu. Akikata kwa upana wa kutosha kuzitoa zote, hakutabaki unyayo wa kukanyagia. Kwa wagonjwa wa aina hii, kukata mguu chini ya goti huwa njia ya kumwokoa mtu na ugonjwa usiokoma.

Kwa nini dawa hushindwa kufika

Wengi huuliza: kama dawa ipo, kwa nini isiue kuvu hata kama mgonjwa amechelewa? Jibu limo ndani ya punje. Kuvu wa punje nyeusi hujijengea ngome. Nyuzi zake hushikanishwa na kitu kigumu cheusi kama saruji, chenye rangi ya asili ambayo pia humkinga na dawa na askari wa mwili. Dawa husafiri kwa damu, na damu haiingii ndani ya punje. Hufika nje yake tu. Kuzunguka punje, mwili nao hujenga nyama ya kovu yenye mishipa michache ya damu, na hivyo dawa inayofika hupungua zaidi. Ndiyo sababu matibabu ya aina ya kuvu huhesabiwa kwa miezi na miaka, na dawa peke yake, bila upasuaji, mara nyingi haitoshi.

Hata utafiti mpya haujabadilisha jambo hilo la msingi. Huko Sudan, dawa ya fosravukonazoli, inayomezwa mara moja kwa wiki, ililinganishwa na itrakonazoli ya kila siku, na matokeo yalichapishwa mwaka wa 2024. Kumeza mara moja kwa wiki ni nafuu kubwa kwa mchungaji anayehama na mifugo. Lakini katika makundi yote matibabu yalichukua miezi 12, na upasuaji ulifanywa katikati. Dawa mpya imepunguza idadi ya vidonge, haijafuta gharama ya kuchelewa.

Aina ya bakteria ina habari njema zaidi. Hutibiwa kwa kotrimoksazoli, ambayo wengi huijua kama Septrini, mara nyingi pamoja na sindano za amikasini zinazotolewa kwa mizunguko ya wiki kadhaa. Wagonjwa wengi wa aina hii hupona kwa dawa bila kupasuliwa. Lakini nao wana hatari yao: bakteria hawa hushambulia mfupa mapema zaidi na wanaweza kusafiri hadi kwenye tezi za kinena na kuleta mitoki. Mtu mwenye aina ya bakteria akipewa dawa ya kuvu, au kinyume chake, hupoteza miezi huku ugonjwa ukitembea.

Makosa mawili yanayoonekana mara kwa mara

Kosa la kwanza ni kukitoa kinundu haraka kwa ganzi ya mahali pale, bila kipimo chochote. Mgonjwa hufurahi kwa kuwa kimetoka siku hiyohiyo. Lakini chini ya ganzi hiyo mpasuaji hawezi kufuata ugonjwa hadi unapoishia, na ganda likipasuka punje humwagika katika nyama iliyokuwa safi. Uvimbe unaporudi, huwa mpana zaidi na umechanganyika na kovu. Ukiwa na kinundu kilichofuata mwiba, uliza kwanza kama eksirei na ultrasaundi zimefanywa, na kama kipande kitakachotolewa kitapelekwa maabara.

Kosa la pili ni kuacha dawa vijitundu vinapokauka. Baada ya miezi miwili au mitatu, usaha hupungua na mgonjwa huona amepona. Ndani, punje bado ziko hai. Daktari husimamisha dawa baada ya kuona uvimbe umekwisha, vijitundu vimefunga, na picha zinaonyesha mfupa umerudi katika hali nzuri. Usitumie macho yako peke yako kuamua.

Ukiwa unameza itrakonazoli, imeze pamoja na chakula, na umwambie daktari dawa nyingine zote unazotumia. Dawa za kupunguza asidi ya tumbo huzuia vidonge hivyo kuingia mwilini vizuri. Damu yako itapimwa mara kwa mara kuangalia ini. Macho yakigeuka manjano, mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, au ukitapika bila kukoma, rudi hospitalini mara moja. Anayedungwa amikasini hupimwa figo na masikio. Masikio yakianza kuvuma, mwambie muuguzi kabla ya sindano inayofuata. Mama mjamzito, au anayepanga kushika mimba, aseme kabla ya kuanza dawa.

La kufanya siku ya mwiba

Ukichomwa, toa mwiba wote. Kama ncha imekatikia ndani, nenda zahanati itolewe kwa kifaa safi badala ya kuichokora kwa mwiba mwingine au pini. Osha jeraha kwa maji safi na sabuni, kisha ulifunike. Uliza kuhusu chanjo ya pepopunda, kwa sababu mwiba uliotoka kwenye udongo unaweza kuleta ugonjwa huo pia. Kisha kumbuka mahali ulipochomwa. Ukipata kinundu hapo baadaye, hata baada ya miaka, taja mwiba huo kwa mhudumu.

Viatu vilivyofunika mguu hukinga zaidi. Akala za tairi huzuia mwiba wa chini, ingawa huacha pembeni na vidole wazi, hivyo ni bora kuliko kwenda peku. Anayejenga au kufungua boma la miiba avae viatu vilivyofungwa, na watoto wasicheze peku karibu na boma.

Ukiwa na kinundu kisichouma kilichokaa zaidi ya wiki chache mahali ulipochomwa, au kijitundu kinachotoa usaha wenye punje, nenda zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Kama umeona punje, ziweke kwenye shashi au kitambaa safi ndani ya chombo kilichofunikwa, uende nazo. Mweleze mhudumu mambo manne: ulichomwa lini, uvimbe ulianza lini, punje zina rangi gani, na ni dawa au tiba gani umeshatumia.

Huduma za zahanati na kituo cha afya hulipiwa na Hazina ya Huduma za Afya ya Msingi kwa kila aliyejisajili na SHA. Kujisajili unaweza kupiga *147# kwenye simu au kumwomba mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako akusaidie. Kwa kuwa uchunguzi na matibabu ya maisetoma huendelea katika hospitali, hakikisha mchango wako wa SHA umelipwa kabla ya safari ya rufaa, na ubebe barua ya rufaa pamoja na kitambulisho.

Wahudumu wa afya ya jamii wanaombwa kuangalia miguu wanapozuru maboma ya wachungaji. Swali la kuuliza si “Je, unaumwa?” kwa sababu jibu litakuwa hapana. Uliza: “Kuna mahali palipovimba tangu uchomwe na mwiba?” Kisha utazame mwenyewe.